Wimbo wa Stella Ambao DJ Hakuutaja

Jumapili, 3 Agosti 2025

Nimekwenda klabu! Mimi Eliaichi, mjane, darasa la saba, alto wa kwaya. Bwana anisamehe. Niliambiwa Moshi mjini kuna bonanza la mchana na kwamba Godwin, anayemwoa binti yangu Stella, ndiko anakokwenda kunywa. Sasa mama asichunguze? Nikavaa kofia ya marehemu na koti lake la kuvunia kahawa. Nikajibanza nyuma ya nguzo na soda yangu, simu ndani ya mkoba inarekodi, ili Godwin akiagiza pombe niwe na ushahidi.

Kaagiza maji. Maji tu! Nauli yangu imekwenda bure.

Halafu DJ akapiga wimbo mmoja. Ngoma dum, dum, dum, kama moyo. Ghafla besi ikaondoka, kama mtu kafunga mlango na wapigaji wamebaki nje. Yakaja makofi. Yakaongezeka mara mbili, kisha mara nne, huku kuna upepo unapanda, unapanda. Sauti nyembamba ikasema mara moja, "Usiniache!" Kimya. Kimya cha kupepesa jicho. Kisha BUUU! Besi kama mti wa mgrevilea unaoangushwa kihambani, shambani kwetu.

Hapo hapo Stella, aliyekaa na Godwin wake, akacheka. Alicheka mpaka akashika magoti. Tangu baba yake afariki, mwaka na miezi minne, sijamsikia akicheka hivyo. Nimelia kwenye soda.

Nimeamua. Jumamosi kwenye send-off, sherehe yake ya kuagwa, ataingia ukumbini na wimbo huo, acheke tena. Lakini unaitwaje? DJ hakutaja. Na Stella siwezi kumuuliza, maana nitasema niliusikia wapi? Kwenye fungu la Zaburi?

Jumatatu, 4 Agosti

Kikao cha kamati ya send-off. Mwenyekiti ni wifi yangu Winfrida, dada wa marehemu. Anataka Stella aingie na wimbo wa kwaya, ule ambao sauti ya kwanza ni yake mwenyewe Winfrida. Bahati iliyoje! Nikasema mimi kama mama nina wimbo tayari. Akauliza jina. Nikasema ni siri. Akasema, "Ni siri wifi, au hulijui?" Kamati nzima ikacheka, hata mhazini ambaye huwa amelala.

Nimepewa mpaka Ijumaa jioni. Nisipoleta, wa kwaya ndio huo.

Jumanne, 5 Agosti

Himo, kwa Isack anayejaza watu nyimbo kwenye flashi. Nikamwambia rekodi imetoka kwa mtu fulani. Akaweka ile programu ya simu inayosikiliza wimbo na kutoa jina. Ikasikiliza. Ikasema haujui. Ikarudia. Haujui! Nikasema simu yake imechoka. Akasema simu haina kosa: programu hukusanya alama za sauti na kuzilinganisha na ghala lake la nyimbo, na alama zangu zimeharibika. Kwanza mkoba umeziba sauti nyembamba. Pili watu wanapiga kelele. Tatu, DJ huwa anakimbiza wimbo ili uendane na ule uliotangulia, na wimbo ukikimbizwa alama zote zinahama.

Akahesabu mapigo: thelathini na moja kwa sekunde kumi na tano. Mara nne, mia na ishirini na nne kwa dakika. Akaanza kuupunguza mwendo kwenye kompyuta, mia ishirini na tatu, na mbili, na moja, kila mara anaisikilizisha programu. Kufika mia na kumi na nane, ile sauti nyembamba ya "Usiniache" ikawa ya mama mzima kabisa. Na jina likatokea! "Ngazi ya Mbao."

Nimemkumbatia Isack mbele ya wateja. Nimeandika kwenye grupu la kamati kwa herufi kubwa.

Jumatano, 6 Agosti

Aibu. Winfrida ameutafuta wimbo akauleta kikaoni na spika. Besi ikaondoka, sawa. Makofi, upepo, "Usiniache", sawa kabisa. Nikasimama, mikono juu, nikisubiri mgrevilea udondoke.

Ikalia filimbi. Filimbi laini, kama mtu anatafuta mbuzi.

Winfrida akauliza kama hapo ndipo bibi harusi anapolala usingizi. Mhazini akafa kwa kicheko. Nimeenda kukata majani ya ng'ombe kwa hasira. Ng'ombe ameshiba mpaka ananishangaa.

Alhamisi, 7 Agosti

Isack amesikiliza tena, akapiga meza. Kumbe ni nyimbo mbili! DJ amepandisha watu na wimbo wa kwanza, halafu pale pa kudondoka akaangusha besi ya wimbo mwingine. Ndiyo maana amezilinganisha mwendo. Na kile kimya kidogo ndipo alipounganisha. Hapana kinacholia, kwa hiyo sikio halioni mshono. Nikauliza huo wa pili ni upi. Akakata kile kipande, akakijaribu kwa kila mwendo, toka mia na kumi hadi mia na thelathini. Hakuna. Akasema labda haujatolewa bado. Programu haiwezi kukujulisha mtu ambaye hajapelekwa ghalani.

Basi nikaenda Majengo kwa DJ mwenyewe. Kijana wa Rombo, Wenseslaus, wanamwita DJ Wensi. Akanipa shikamoo, kiti na chai. Jina? Hapana. Akasema, "Mama, hilo hata ndugu yangu simwambii." DJ mmoja wa Bomang'ombe alishamwibia nyimbo tatu. Nikamwambia ni mchoyo, na chai yake haina sukari. Akafungua mlango, kwa adabu sana, ili nitoke.

Mdomo huu!

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeamka alfajiri, nikakata jani la sale mpakani mwa kihamba, nikalifunga fundo. Mchagga gani atakataa sale, jani letu la kuombea radhi? Nikampelekea kwa mikono miwili. Akaliangalia, akakuna kichwa, akasema, "Ai, mama, sasa umenifunga. Mamangu akisikia nimekataa sale atashuka kutoka Tarakea kwa miguu."

Nikaomba radhi kwa kumwita mchoyo. Ya chai sikufuta. Nikamwambia habari ya Stella na baba yake. Akafungua kompyuta. Ile besi ni yake! Kaitengeneza chumbani, na haijatoka kokote. Faili linaitwa "Jaribio la 14". Siku tano nimehangaika na jaribio! Amenijazia zote mbili zimeshaunganishwa, na atakuja kupiga mwenyewe.

Jumamosi, 9 Agosti

MC akatangaza kwamba bibi harusi anaingia na Jaribio la Kumi na Nne. Mama yake Godwin akauliza kumi na watatu wa kwanza walikuwa akina nani.

Lakini ilipoondoka besi, mlango ukafunguka. Makofi. Upepo. "Usiniache!" Kimya. Stella akanitafuta kwa macho. BUUU! Akacheka, akashika magoti, gauni na yote. Nami nikalia bila soda.

Baadaye akanivuta pembeni. Akasema, "Mama, wewe na ile kofia ya baba! Nilikuona, umejificha nyuma ya nguzo nyembamba kuliko wewe." Kumbe siku ile hakucheka kwa ajili ya wimbo. Alinicheka mimi. Akasema kwa dakika moja alidhani baba karudi kumchunga, kisha nikapiga chafya, akajua ni mimi.

Nimemwapia kwamba sitadanganya tena wala kupeleleza mtu.

Jumapili, 10 Agosti

Winfrida amenifuata baada ya ibada, mpole kama kondoo. Jana alicheza wimbo mmoja pale mwishoni, hata kiatu kimekatika, na DJ hakuutaja. Akauliza, "Wifi, wewe mtaalamu, si unaujua?"

Sijui hata anasema wimbo gani. Wakati huo nilikuwa jikoni nagawa ndafu, yule mbuzi wa kuchoma.

Nikamwambia naujua vizuri sana, nitamtajia Jumatano.