Kupatana na Kadii Kinuni

Jumatatu, 4 Machi 1912
Leo nimemrekebisha Kadii, mwenzangu wa kinuni. Alinyunyizia mahindi maji kabla hatujaanza kutwanga. Nikamwambia, mbele ya wasichana wote wa zamu yetu, kwamba kwao Jilore hawajui kutwanga, hata mama yake hajui. Akaweka mchi chini. Akasema mjuzi na atwange peke yake. Nimetwanga peke yangu. Mikono!

Jumanne, 5 Machi
Bibi Hannah, mwalimu wetu, asema maji huwekwa kwanza ili maganda yatoke. Basi! Tena Jumamosi wageni watakuja kutoka Malindi, na unga usipotimia Bibi atamweka mwingine kuwa mkubwa wa zamu badala yangu. Kinu chetu ni cha watu wawili: mmoja akiinua mchi, mwenziwe ashusha. Leo sote twashusha pamoja. Michi yagongana. Hatusemezani ila “sogea.”

Jumatano, 6 Machi
Nimeamua kujifanya hapakutokea kitu. Nikamwamkia Kadii kwa furaha, nikamwuliza mama yake hajambo. Kosa kubwa! Zamu nzima ikaguna.

Alasiri nikamtuma Mbeyu wa kinu cha pili akamwambie nimesikitika kidogo. Mbeyu akaenda kusema kwamba nalia tangu juzi na chakula hakipiti. Kadii akauliza ni nani basi aliyemaliza sima ya watu wawili.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemvizia kisimani, sisi wawili tu. Nikasema, “Niwie radhi, Kadii, lakini nawe ulikasirika mno.” Akanijibu kwamba hiyo si radhi, ni mashtaka. Nikaanza upya bila “lakini.” Akasikiliza mpaka mwisho, akanitwika mtungi. Nikadhani yamekwisha. Ndipo akasema, “Nyevu mwenzangu, matusi ulinipa mbele ya watu, radhi wanipa kisimani? Hao watu watajuaje?”

Ijumaa, 8 Machi
Nimesimama kinuni. Nikasema mbele ya wote kwamba maji yalikuwa sawa, kwamba mimi ndiye niliyekuwa sijui, na kwamba sikuwa na haki ya kumtaja mama yake. (Maneno mengine manne yalikuwa tayari mdomoni. Nikayameza.) Kadii naye akasema hakufanya vema kuniachia kazi yote. Hakuna aliyekumbatiana na mtu. Alisema tu, “Haya, shika mchi, anza wewe.” Mwanzo tulikwenda polepole, kila mmoja akimwangalia mwenziwe mikono. Kisha tu! tu! tu! Tukasahau kuangalia. Hata akaniazima ungo wake bila kuombwa mara mbili.

Jumamosi, 9 Machi
Unga umetimia! Wageni wameshiba, na mkubwa wa zamu bado ni mimi. Sasa kazi ya kupatana naijua barabara. Kwa hiyo tulipokuwa tukipepeta mahindi ya Jumatatu, nikamweleza Kadii kwa upole, mbele ya wote, kwamba radhi yangu ilikuwa na vifungu vitatu na yake kimoja tu.

Amehamia kinu cha Mbeyu. Sijui leo ana nini.