Feni ya Idara ya Dini

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa idara ya dini amestaafu. Kiti kiko wazi, na ofisi yake ndiyo pekee yenye feni hapa shuleni. Joto la hapa Mtoni mwezi Machi! Nimeloa jasho hadi kwenye soksi. Feni ile ni yangu.

Mpinzani ni mmoja, Mwalimu Tupokigwe, Mmoraviani wa Mbeya, mpole kupita kiasi. Mkuu wa shule, Bi Rukaiya, ametupa mada moja: Kanuni ya Imani, Kidato cha Tatu. Yeye ni Mwislamu, akasema ya madhehebu hayamhusu, ataangalia ufundishaji tu. Tupokigwe Jumatano, mie, Revelian, Ijumaa.

Nimetangaza mpango wangu ofisini kwa sauti: mitume kumi na wawili, kila mmoja alitunga kipengele kimoja, kwa hiyo wanafunzi kumi na wawili mbele! Tupokigwe akasema taratibu kuwa hiyo ni hadithi iliyozuka karne kadhaa baada ya mitume. Nilikasirika. Nimesoma kitabu. Kumbe yuko sahihi.

Jumanne, 4 Machi
Nimewajaribu wanafunzi kwa kukariri Imani pamoja. Wakatoliki wakaanza “Nasadiki”, Walutheri “Namwamini”, Wapentekoste wakatazama dari. Ghasia tupu! Mwalimu wa hesabu alikuja kuuliza kama kuna msiba.

Jumatano, 5 Machi
Somo la Tupokigwe. Nilikaa nyuma nikimwombea mabaya.

Alileta ndoo ya maji. Akasema zamani, kabla ya kubatizwa, mtu aliulizwa maswali matatu: unamwamini Baba? Unamwamini Mwana? Unamwamini Roho Mtakatifu? Kila jibu, maji. Wanafunzi wakaigiza. Kisha akafuta maswali ubaoni na kuwaachia majibu wayaunganishe. Polepole ikatokea Imani yenyewe, yenye sehemu tatu! Akawauliza kwa nini sehemu ya Mwana ndiyo ndefu kuliko zote. Akawaambia wanapokutana na maneno mengi, watafute palipokuwa na ubishi. Hata Pontio Pilato yumo ili mtu asije akasema Yesu hakuteseka kweli, au kwamba ni hadithi isiyo na wakati.

Bi Rukaiya alitabasamu. Niliumia.

Alhamisi, 6 Machi
Ubishi! Kumbe ndio siri. Kesho tunaigiza Mtaguso wa Nikea, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325. Darasa zima maaskofu. Padri Ario alidai Mwana aliumbwa, kwamba palikuwa na wakati hakuwapo. Nafasi hiyo nimempa Brightson, mwenye mdomo wa dalali. Nimemnunulia chapati mbili na kumwonya ashindwe. Akaapa atashindwa vizuri sana.

Ijumaa, 7 Machi
Aibu! Aibu!

Brightson alisimama, akauliza nani hapa amezaliwa siku moja na baba yake. Akasema baba lazima atangulie, baba yake mwenyewe ametangulia mpaka kwenye upara. Darasa likacheka, likapiga makofi. Nikaita kura haraka, nikiamini maaskofu wangu. Nikea halisi, mwishowe maaskofu waliogoma kabisa kumkataa Ario walikuwa wawili tu. Kwangu waliomkataa Ario ndio walikuwa wawili! Nimefundisha uzushi mbele ya mkuu wa shule.

Nilimkonyeza Brightson ashindwe. Akanikonyeza na yeye.

Tupokigwe, aliyekuwa amekaa nyuma, akaomba ruhusa ya kusema. Akawauliza tu: nyie mlibatizwa kwa jina la nani? Wakataja Baba, Mwana na Roho. Akauliza kama mtu anaweza kubatizwa kwa jina la kiumbe, na kama kiumbe anaweza kumwokoa kiumbe mwenzake. Brightson akakuna kichwa. Ndipo akaandika ubaoni: “aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba.” Akaeleza kuwa maneno haya yaliwekwa makusudi, ili Ario asiweze kuyatamka. Darasa zima likasema aaah. Na mie nilisema aaah, kwa bahati mbaya.

Jumatatu, 10 Machi
Feni imekwenda kwa Tupokigwe. Roho inaniuma, sifichi. Bi Rukaiya alisema somo langu lilichangamka, ila lilihitaji mwalimu.

Tupokigwe kaniita ofisini. Upepo mtamu! Akanishukuru kwa Mtaguso, eti anatamani tuufanye kila mwaka. Halafu akaniomba nimwandalie kibao cha mlangoni kwa mafundi wa Keko: “Idara ya Dini. Inaongozwa na Mwl. Tupokigwe.”

Usiku huu nimesoma sura inayofuata. Imani ya Nikea, ilipopanuliwa baadaye, ilisema Roho Mtakatifu atoka kwa Baba. Kanisa la Magharibi likachomeka “na Mwana” bila kuuliza mtaguso wa wote, na ubishi huo ukachangia kuligawa Kanisa, Mashariki na Magharibi, hadi leo.

Maneno mawili tu! Nimempigia fundi wa Keko. Baada ya Tupokigwe aongeze “na Revelian”, kwa herufi ndogo. Nani atagundua?