Mama Aliyepuliza Soda Baridi

Gazeti moja la wiki lilitangaza kwamba linatafuta hadithi fupi, na kabla chai ya Jentrix haijashika rangi, benchi lote la kibanda chake pale Kondele lilikuwa limegeuka jopo la waamuzi. Mathews, fundi viatu tunayemwita Profesa, alikuwa ameshatuma yake. Mhariri alimrudishia na sentensi moja, akampa mpaka jioni airekebishe: "Huyu mama simwoni."

"Hamwoni aje? Nimemweleza mpaka kalamu imetoka jasho!" Profesa akafungua simu, akasoma: "Nabututu alikuwa mrembo kama malaika. Meno meupe kama theluji, shingo kama ya twiga, sauti tamu kama asali."

Obonyo wa bodaboda, yule tunayemwita Breki, akapaliwa na chai. "Omera, ndugu yangu, shingo ya twiga? Huyo akipanda pikipiki yangu, helmeti nitamvalisha na ngazi!"

"Na theluji umeona wapi?" Jentrix akauliza. "Kwa friji ya samaki?"

Profesa akanuna. Jentrix akaweka birika chini.

"Sikia, Profesa. Hayo maneno ukinipachika mimi, yananitosha. Ukimpachika Breki, yanamtosha."

"Na shingo hii?"

"Nyamaza, Breki. Huyo mama ni nani kwa ukweli?"

Profesa akashusha sauti. "Mama mkwe wangu wa Nyamasaria. Jina ndio nimebadilisha."

"Anafanya nini ambacho hujaona mtu mwingine akifanya?"

"Anapenda watu."

"Hata wanasiasa wanapenda watu, mwaka wa kura."

Profesa akakuna kichwa. "Anapuliza. Chochote ukimpatia, anapuliza kwanza. Kwa matanga nilimpatia soda imetoka kwa barafu, chupa imelowa. Akapuliza mara tatu ndio akanywa."

Breki akashusha kikombe chake.

"Huyo sasa nimemwona," Breki akasema, ndipo tukaangua kicheko.

Profesa akafuta malaika, theluji, twiga na asali, kila neno likimuuma. Akaandika, akasoma: "Nabututu alipokea soda baridi, akaipuliza mara tatu, kama upepo wa ziwa..."

"Toa upepo!" tukampigia kelele.

"Basi nieleze amelea watoto saba, akazoea kupoza uji wao?"

"Usieleze," Jentrix akasema. "Wacha msomaji ajiulize mwenyewe."

Akatuma. Jumapili ikatoka gazetini. Jumatatu, tukiwa bado tunampongeza, simu yake ikalia. Profesa akaangalia jina, akasimama wima, akavua kofia. Akabonyeza spika.

"Mathews, nimesoma. Nyamasaria nzima sasa inaniita Nabututu."

"Mama, nisamehe..."

"Nikusamehe nini? Umeniona. Miaka kumi na tano nilifikiri unaangalia chapati tu." Mama mkwe akaendelea: "Jumamosi uje na kalamu. Umwandike baba mkwe wako pia. Akichinja jogoo, anawaambia kuku wengine amesafiri Bondo."