Malalamiko Dhidi ya Mwajiri Wangu, Ambaye ni Mimi

Kwako Mheshimiwa Afisa Kazi, popote ulipo katikati ya mafaili yako,

Kuhusu: Mwajiri katili

Habari za kazi? Nakuandikia nikiwa kitandani, mguu wa kulia una plasta hadi gotini. Mimi ni dereva wa pikipiki, napeleka chakula na vifurushi kwa kutumwa na programu ya simu. Juma lililopita nilivunjika kifundo cha mguu nikiwa kazini. Nilipoiandikia kampuni kuomba matibabu na likizo ya ugonjwa, walinijibu kwa adabu zote kwamba mimi si mfanyakazi wao. Mimi ni mbia huru, mwajiri wangu ni mimi mwenyewe, na wao wananikutanisha na wateja tu. Mke wangu, fundi cherehani, alicheka mpaka sindano ikamchoma kidole. Akasema basi nimdai huyo bosi wangu, si yuko hapo hapo kitandani!

Nimemchunguza bosi huyo, mheshimiwa. Hafai hata kidogo.

1. Ananivisha koti la kijani lenye nembo kubwa mgongoni, na koti nimelinunua mwenyewe. Nembo si ya kwake. Bosi gani huyu anayetangaza biashara ya watu bure?

2. Hajui bei ya huduma yake! Simu ndiyo inapanga bei, simu inakata asilimia yake, na bosi wangu anasikia matokeo kama watu wengine. Hawezi kuongeza hata senti, mvua inyeshe, jua liwake. Safari ikiingia ana sekunde kumi na tano za kuamua, na hajaambiwa mteja anakaa ghorofa ya ngapi.

3. Aliniahidi nitafanya kazi saa nitakazo. Kweli, nilizima simu siku mbili nikampeleka mama mkwe kliniki, na hakuna aliyenigombeza. Niliporudi nikakuta daraja langu limeshuka kutoka dhahabu hadi shaba, na safari zote nzuri zinaingia kwenye simu za wenzangu niliosimama nao bega kwa bega. Uhuru ninao tele, kazi ndiyo sina. Tena nikikataa safari tatu mfululizo, simu inanifungia nusu saa "nipumzike". Nani kaomba kupumzika?

4. Mteja mmoja alinipa nyota moja kwa sababu nilihema mlangoni kwake. Lifti ilikuwa mbovu, naye yuko ghorofa ya saba! Nilikata rufaa. Nikajibiwa na roboti, ikanipa pole, ikauliza kama nimeridhika na huduma yake. Kwa woga nikaipa nyota tano.

5. Siku ya ajali nilibeba keki ya siku ya kuzaliwa. Mtu akafungua mlango wa gari lililoegeshwa bila kutazama nyuma. Nikaruka mimi, ikaruka keki. Nikiwa bado chini, simu ikaniandikia: "Tunaona umesimama. Mteja anakusubiri." Mwenye keki alirudishiwa pesa zake zote kabla sijafika hospitali. Kifundo changu hakuna aliyekiulizia. Hilo liliniuma kuliko mfupa, nakwambia ukweli.

6. Jumanne, kwa cheo changu cha bosi, nilimfukuza kazi huyu mvunjika mguu. Nikakataa kupokea barua, kwa kuwa sikujipa notisi. Jumatano nikaunda chama cha wafanyakazi na kugoma, lakini mwajiri akakataa kukaa meza moja na wagomaji. Nyumba haikaliki.

Kwa hiyo naomba utuite sote wawili ofisini, nauli ya mtu mmoja itatosha. Tafadhali usitazame mkataba, maana nilibofya "Nakubali" nikiwa kwenye foleni ya petroli. Tazama mambo yanavyokwenda: nani anapanga bei, nani anagawa kazi, nani anaadhibu, nani anaweza kumfungia mwenzake riziki. Ukikuta ni mimi, nitie ndani leo leo. Ukikuta ni mwingine, mwambie ana mfanyakazi kalala hapa anasubiri kutibiwa. Ila usininyang'anye ruhusa ya kuzima simu saa nane nikamchukue binti yangu shuleni. Sioni kwa nini nilazimishwe kuchagua kati ya mguu na mtoto.

Nisalimie makarani wote, mlinzi wa getini, na yule dada wa mapokezi anayesema mfumo uko chini.

Wako mtiifu, na mkaidi,
Mbia Huru Namba 40718
(Mwajiri na mwajiriwa. Sahihi moja, tunabana matumizi.)

N.B. Huenda ukapata barua ya shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anayeendesha pikipiki yangu kwa akaunti yangu tangu niumie. Programu ikidai picha ya uso, anakimbia nyumbani, ananipiga picha kitandani, anaondoka. Sasa anadai eti mimi ni mwajiri wake! Mpuuze. Yule ni mbia huru kabisa. Anafanya kazi saa atakazo, ilimradi aanze saa kumi na mbili asubuhi, avae koti langu na asikatae safari. Jana alikataa mbili, ikabidi nimshushe daraja, leo hana kiti mezani, anakula amesimama. Anasema mgongo unamuuma, anaomba kesho alale. Nimemweleza kwamba mimi namkutanisha na pikipiki tu.