Nilivyoikimbia Siku ya Nne Hadi Haneti

Leo nimefedheheka. Tena nikiwa nimevaa suti, mbele ya watu niliokwenda kuwaomba binti yao.

Nyote humu kundini mnanifahamu. Mimi ndiye ninayewakemea mnapotuma utabiri wa nyota asubuhi. Mimi ndiye niliyeandika maelezo marefu ya kupinga ramli (najua hamkuyamaliza). Basi someni haya kwa utulivu, na mtu asiyapeleke kundi la ofisini.

Nilianza kusoma elimu ya namba kwa nia njema kabisa ya kuikosoa. Msomi hakosoi asichokijua. Lakini nikakutana na jambo lililonichokonoa udadisi. Kila mtu, wanasema, ana namba yake ya mwaka, kuanzia moja hadi tisa. Ndani ya mwaka huo kuna namba yake ya mwezi, na ndani ya mwezi kuna namba ya siku. Nililielewa hivi: mwaka ni shamba, mwezi ni tuta, siku ni shimo la mbegu. Anayejua shamba tu hajui apande wapi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua namba ya mwaka wako, ongeza namba ya mwezi wa kalenda, kisha jumlisha tarakimu hadi ibaki tarakimu moja. Huo ndio mwezi wako. Ongeza tarehe, jumlisha tarakimu tena. Hiyo ndiyo siku yako. Moja ni kuanza. Mbili ni kupatana. Nne ni kazi ngumu, utaratibu na jasho. Tano ni mabadiliko, sita ni familia na nyumba, saba ni kutafakari, tisa ni kuhitimisha na kuachilia.

Nikajipima. Siku niliyoihesabu kuwa ya saba, nilijifungia ofisini kwangu Mtumba, kwenye mji wa serikali, nitafakari. Ajabu, nilitafakari! Siku ya tano, kikao kikahamishiwa chumba kingine. Mabadiliko hayo! (Msiniulize ni siku gani vikao vyetu havihamishwi.)

Hapo ndipo lilipoingia suala la Daudi, mtoto wa mdogo wangu. Daudi anataka kumwoa Rehema, na nyumbani kwa akina Rehema, kule kijijini Haneti, kuna wajomba wa kijana mwingine walioanza kupita kusalimia mara kwa mara. Barua yetu ya posa ilikuwa imepangiwa tarehe kumi na nne mwezi huu wa Juni, Jumapili. Msemaji wa ukoo ni mimi. Nikasema, hebu nitazame siku hiyo kwa udadisi tu.

Nimezaliwa tarehe kumi na nne Machi, 1974. Mwezi, tatu. Tarehe, moja na nne, tano. Mwaka, jumla ya tarakimu zake ni ishirini na moja, yaani tatu. Jumla kumi na moja. Moja na moja, mbili. Mwaka wa kupatana! Juni ni sita: mbili na sita, nane. Tarehe kumi na nne ni tano: nane na tano, kumi na tatu. Moja na tatu, nne.

Nne! Posa siku ya jasho?

Nikarudi nyuma wiki moja. Tarehe saba, Jumapili pia: nane na saba, kumi na tano, yaani sita. Familia na nyumba! Nikampigia baba yake Rehema, nikamwambia nina dharura ya kikazi, tuje tarehe saba.

"Karibuni," akasema.

Daudi alinisihi. "Baba mkubwa, kumi na nne walishakubali wenyewe. Kwa nini tuwasumbue?"

"Kijana, kuna mambo unayaona ukishakua."

Mke wangu akaguna jikoni.

Leo tukafika, mimi, mke wangu na Daudi. Viatu vyangu vinang'aa. Uani hakuna kiti hata kimoja. Kuna turubai kubwa, rundo la vichwa vya alizeti linalofika kifuani, na ukoo mzima wenye fimbo mikononi, wanapura.

"Karibuni, karibuni!" baba yake Rehema akatupokea, vumbi hadi kwenye nyusi. "Mtatusamehe. Tulipanga kumaliza mavuno wiki hii ili Jumapili ijayo tuwapokee vizuri."

Nikakohoa. Nikatoa barua.

"Hiyo iweke kwanza," akasema. "Mjomba wake binti yuko safarini, anarudi Alhamisi. Barua haifunguliwi bila mjomba."

"Lakini ulisema karibuni."

"Nilisema karibuni, ndiyo. Mgeni hafukuzwi. Sikusema barua itafunguliwa."

Daudi alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu niliyemlipia ada.

Shangazi yake Rehema, mwalimu wa hisabati wa sekondari, akaja akijifuta jasho. "Shikamoo, shemeji. Hiyo dharura ya kikazi imeishaje?"

Nikafungua kinywa. Mke wangu akaniwahi. "Dharura gani? Huyu Baba Neema amepiga hesabu za namba akaona leo ndiyo siku yake ya familia."

Fimbo zote zikasimama.

Nilitegemea kicheko. Kumbe walitaka kujua! Shangazi akanipa kijiti. "Hebu niandikie hapo chini, nione." Nikachuchumaa na suti yangu, nikaandika kwenye vumbi, ukoo umenizunguka. Nikaeleza shamba, tuta na shimo la mbegu. Nilieleza vizuri mno, nasema kweli.

Shangazi akainama. "Hii 1974 ya nini?"

"Mwaka wangu wa kuzaliwa."

"Na umesema namba ya mwaka hubadilika kila mwaka?"

"Naam. Ni mzunguko wa miaka tisa."

"Sasa shemeji, siku yako ya kuzaliwa haibadiliki, mwezi haubadiliki, 1974 haibadiliki. Itabadilikaje? Utakaa kwenye mbili mpaka tukuzike?"

Nikatoa simu. Nikasoma upya ile makala niliyoisoma kwa haraka ya mkosoaji. Siku na mwezi wa kuzaliwa, imeandikwa, pamoja na mwaka *uliopo*.

Shangazi alikwisha kufuta na kuandika upya. "2026 ni kumi, yaani moja. Tatu, tano na moja, tisa. Uko mwaka wa tisa. Wa nini huo?"

"Kuachilia," nikanong'ona.

"Anza na koti!" akasema mtu nyuma.

"Juni: tisa na sita, kumi na tano. Mwezi wa sita. Familia ni mwezi mzima, shemeji, hukuwa na haja ya kukimbizana. Leo tarehe saba: sita na saba, kumi na tatu." Akalitazama koti langu. "Nne. Ile ya jasho."

"Na kumi na nne?" Daudi akauliza.

"Sita na tano, kumi na moja. Mbili. Kupatana."

Kisha wakacheka hadi bibi mmoja akakaa chini. Baba yake Rehema, akiwa bado na machozi, akaniletea fimbo. "Mzee mwenzangu, siku umeichagua mwenyewe."

Nimepura alizeti nikiwa na tai. Kila nikipumzika mtu ananisogelea: "Na mimi, Juni ni mwezi wa ngapi?" Nimehesabia ukoo mzima, safari hii kwa usahihi. Wakati wa kuondoka baba yake Rehema akamshika Daudi bega: "Jumapili rudini, mjomba atakuwepo. Wale wengine hawajawahi kutupuria hata kichwa kimoja."

Bado sijui kama namba zina ukweli wowote. Ninachojua ni kwamba siku njema ya posa ni ile ambayo mjomba yupo nyumbani. Naombeni msicheke, na anayeshindwa kujizuia acheke taratibu, maana Daudi yumo humu na bado hajanisemesha.