Dhambi Si Zangu, Sauti Ndiyo Yangu

Mahajanga, Jumamosi jioni

Saidi, Abdu, ndugu zangu wa Marodoka,

Leo nimevuliwa nguo mchana kweupe. (Nguo ya heshima. Suruali ninayo.) Naandika Kiswahili makusudi ili karani wa posta asielewe. Nyinyi mlikipata chuoni, mimi kwa baba yangu, fundi wa maboti wa Tanga. Basi leo Kiswahili hicho hicho ndicho kilichoniponza.

Mnanijua. Tangu Uhuru uje na nikapandishwa cheo bandarini, mimi ndiye ninayeitwa palipo na lugha mbili zisizoelewana. Kifaransa, Kimalagasi, Kiswahili, nipe chochote. Sina haya kusema kwamba hakuna mkalimani kama mimi pwani hii yote.

Asubuhi akaja ofisini mpishi wa meli, Mzee Kaspari, mtu wa Bagamoyo, Mkatoliki wa kuzaliwa. Anaumwa ngiri. Meli imemwacha, na Jumatatu anapasuliwa hospitali. Hajui neno la Kimalagasi wala la Kifaransa.

"Mwanangu," akaniambia, "kisu sikiogopi. Naogopa kufa sijaungama. Miaka mingi imepita. Twende kwa padre, unisemee."

Nikacheka. Mimi Mprotestanti! Na mwezi ujao naoa, mnajua wenyewe, tena namwoa Rosina binti wa mchungaji. Baba yake hapo kwenu Nosy Be, mjini Hell-Ville, bado ananitazama kama samaki wa juzi. Lakini mzee alikuwa anatetemeka kwa hofu, na mimi nina moyo. Pia, niseme ukweli, nilitaka Padre aone kazi yangu.

Padre ni Mfaransa mzee, amekaa hapa miaka thelathini, Kimalagasi chake kizuri kuliko cha wengi. Sikio lake la kushoto limekufa. (Kumbukeni sikio hilo. Mimi sikulikumbuka.) Alimkuta mzee analia, akaniambia mlangoni:

"Mwambie halazimiki kutumia mkalimani. Kama hatuelewani, akionyesha kwa ishara kwamba anajuta, naweza kumwondolea dhambi."

Nikamwambia. Mzee akakataa katakata. "Ishara gani? Mimi bubu? Nataka kuzitaja zote, na kila moja mara ngapi."

Ndivyo ilivyo kwao, Saidi. Dhambi kubwa hutajwa moja moja, aina yake na idadi yake. Si kusema "nimekosa" tu ukaenda kula chakula cha mchana.

Mimi sikuweza kunyamaza. Nikamwambia Padre, "Sisi hatuna mambo haya. Mpatanishi ni mmoja, Yesu. Kila Jumapili tunaungama pamoja, kwa Mungu moja kwa moja, na yeye anasamehe. Tena sakramenti kwetu ni mbili tu, ubatizo na meza ya Bwana. Kitubio hakimo." Nikaongeza, maana mimi mtu wa haki, kwamba kwa baba yangu, Walutheri wa Tanga, mtu aliyeelemewa aweza kwenda kwa mchungaji faraghani, ila hakuna anayemlazimisha, na wengi hawaendi.

Padre hakukasirika. "Yesu aliwaambia mitume, wale mtakaowaondolea dhambi wameondolewa. Sasa nitaondoaje nisichokisikia? Anayesamehe ni Mungu. Mimi ni mtumishi tu." Kisha akaninyooshea kidole. "Masharti mawili. Kwanza, sema kama anavyosema. Akisema 'mimi', sema 'mimi'. Usiongeze, usipunguze. Pili, utakachosikia humo kimekufunga kama kinavyonifunga mimi. Hukisemi kwa mkeo, wala kwa hakimu, wala ukiwa umelewa."

"Padre, hiyo ndiyo kazi yangu," nikasema. (Kifua mbele. Mngenipiga picha.)

Sasa mjue kiti chenyewe, maana nyinyi Waislamu hamjakiona. Ni kama kabati la vyumba vitatu. Padre hukaa katikati na ukanda wa zambarau shingoni. Kulia na kushoto kuna pa kupigia magoti, na kila upande una kidirisha cha wavu chenye kifuniko. Padre hufungua upande mmoja, akimsikiliza huyu, yule wa upande wa pili anangoja, kifuniko chake kimefungwa. Kwa hiyo watu wakiona wawili wamepiga magoti, wanajua mmoja anaungama na mwingine anangoja zamu.

Leo Padre alifungua vidirisha vyote viwili. Watu wa nje wangejuaje?

Na mimi kwa adabu yangu nikampa mzee upande wa heshima, wa kulia kwa Padre. Upande wa sikio zima! Mimi nikabaki na sikio lililokufa.

Tukaanza. Mzee akajifanyia ishara ya msalaba. "Nibariki Padre, kwa kuwa nimekosa." Akataja miaka aliyokaa bila kuungama. Nikatafsiri kwa sauti ya chini.

"Sisikii," akasema Padre.

Nikapandisha.

"Bado."

Nikatumia sauti ya bandarini, ile ya kuita kreni.

"Vizuri," akasema Padre.

Basi tukaenda hivyo. Mzee ananong'ona Kiswahili, mimi natoa Kimalagasi kama tarumbeta. "Nilifanya" hivi. "Nilimfanyia" fulani vile. Padre akauliza mara ngapi. Mzee akahesabu kwa vidole, akataja idadi. Nikaitoa idadi, safi, herufi kwa herufi. (Msiniulize. Dhambi sisemi, idadi sisemi. Nimefungwa.)

Tatizo moja tu lilitokea, nami nikaliona dogo. Padre akasema, "Mwanangu, unajuta kweli?" Na mimi, kama nilivyoagizwa, nikamgeukia mzee aliye sawa na baba yangu:

"Mwanangu, unajuta kweli?"

"Mwanao nani?" mzee akafoka.

"Ni Padre anasema, babu!"

"Aa. Najuta. Najuta sana, wala sirudii." Na akalia kwa sauti. Nikatafsiri "najuta sana" na sauti yangu ikakatika katikati.

Padre akampa malipizi, sala za kusali mbele ya altare na jambo moja la kutengeneza, ambalo pia sisemi. Mzee akasali sala ya kutubu. Padre akainua mkono kuelekea kwake na kusema maneno ya maondoleo kwa Kilatini. Nikafungua mdomo nitafsiri. Akanizuia kwa kidole. Hayo hayahitaji mkalimani. Kisha akasema aende kwa amani, na mzee akatoka kwa mlango wake kwenda altareni, mwepesi kama aliyetua gunia la chumvi. Nilimwonea wivu, nasema kweli.

Nami nikatoka kwa mlango wangu, nikipangusa macho.

Lo!

Benchi zima la wanawake, wamekuja kuungama maana Jumamosi ndiyo siku yake. Wote wananitazama. Mmoja ameziba mdomo kwa leso. Na wa kwanza kabisa, rozari mkononi, ni nani? Shangazi Filomena! Shangazi yake Rosina, dada wa mchungaji, yule aliyeolewa kwa Wakatoliki hapa Mahajanga.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kiswahili nilinong'ona, Kimalagasi nilipiga kelele. Kwa lugha wanayoijua walimsikia mtu mmoja tu akiungama, na mtu huyo ni mimi. Kwa aina na kwa idadi!

Shangazi akanikumbatia. "Mwanangu! Umerudi nyumbani, kwenye kanisa la kweli! Nilikuombea!" Kisha akaninong'oneza sikioni, "Lakini ile ya tatu... pole sana. Rosina anajua?"

"Shangazi, ile siyo..." Siyo yangu? Basi ya nani? Waliopiga magoti ni wawili tu. Nikisema siyo yangu, nimemtaja mzee wa watu mbele ya benchi zima. Nikameza maneno.

Padre akachungulia kwenye pazia lake. Akaliona benchi, akaniona mimi, akaelewa. Na yeye je, afanyeje? Kafungwa kuliko mimi. Akakohoa, akawaambia, "Wanangu, aliyesikia chochote hapa, hata kwa bahati mbaya, naye amefungwa kinywa. Asikirudie popote." Ahsante sana, Padre! Sasa hata wale waliokuwa na shaka wakawa na hakika kwamba kuna jambo.

Mzee Kaspari akamaliza sala zake, akaja anatabasamu. "Mbona umepauka?" Nikamwambia kwa Kiswahili, polepole, kwamba wanadhani ni zangu.

Ohoo! Mzee akapanda moto. "Mtu mwingine abebe mzigo wangu, leo siku niliyosafishwa? Haiwezekani! Mimi nakupa ruhusa, kijana. Nitasema mwenyewe."

Nikapumua. Mwenye dhambi akisema mwenyewe, mimi nimefunguliwa. Mzee akabana kofia mkononi, akawakabili wale wanawake, akajipiga kifua.

"Dhambi mlizosikia ni zangu! Zangu zote! Wala sioni haya, Mungu amenisamehe!" Akanigeukia. "Haya, tafsiri!"

Na mimi, mkalimani bora wa pwani hii, nisiyeongeza wala kupunguza, nikajipiga kifua nikatoa kwa sauti ya kreni:

"Dhambi mlizosikia ni zangu! Zangu zote! Wala sioni haya!"

"Amina," akasema mwanamke wa leso.

Shangazi akaanza kulia kwa furaha. Nikashtuka. "Hapana, hapana! Namaanisha yeye! Mimi nimesema 'mimi' lakini 'mimi' ni yeye!"

Furaha ya Shangazi ikakatika. Akamtazama mzee, mgonjwa, kofia mkononi, anatabasamu bila kuelewa neno. Akanitazama mimi.

"Umeungama sasa hivi," akasema, "hata hujafika mlangoni, tayari unamsingizia mzee wa watu? Rudi humo ndani."

Na benchi likasogea, Abdu. Walisogea kunipa nafasi, mbele kabisa.

Nikatoka mbio. Padre hawezi kunitetea. Mzee ananiuliza kwa nini hawajaelewa, maana alisema wazi kabisa. Na Shangazi Filomena anapanda boti la Jumanne kuja Nosy Be, kumpa kaka yake habari njema kwamba mkwe wake amekuwa Mkatoliki. Ya dhambi hatasema, kafungwa, lakini mnamjua. Atapumua kwa huzuni mbele ya Rosina, na pumzi yake ni gazeti.

Barua hii inakuja kwa boti la kesho. Nawasihi, mfikieni Rosina kwanza. Mwambieni nilikuwa mkalimani, mzee mwenyewe ameniruhusu kusema hivyo, na hata moja si yangu. Akiuliza ni zipi, mwambieni sisemi, wala baada ya ndoa sitasema. Kama ananipenda, atanichukua hivyo hivyo. Nadhani atanichukua. Mimi ni mtu mzuri.

Na nyinyi msicheke. Nina dhambi zangu mwenyewe tatu nne, nzuri tu, za kawaida, na Mahajanga nzima hakuna hata mmoja atakayeziamini tena.

Ndugu yenu,
Yohana