Kata Mpaka Kwenye Nguzo

Jumatatu, tarehe 4

Miguu imekufa ganzi. Viti mia mbili vya harusi ya Jumamosi, kutoka ukumbini hadi ghalani, mimi na mkokoteni tu. Lakini moyo mweupe! Siku ile nilijipenyeza kwenye picha nne. Baba mkwe kule nyumbani hamruhusu mke wangu anifuate huku mpaka aone picha kwamba naishi na watu wa maana. Huu mwaka wa tatu naongea na sufuria. Picha sasa ipo. Kazi ni kuipata.

Jumanne, tarehe 5

Nimefuata viti vya mwisho nyumbani kwa bibi harusi. Akaniuliza, kaka, unapita karibu na studio? Napita, dada. Akanipa barua ya kumpelekea mpiga picha. Hakunitambua. Jumamosi nilikuwa nimeachama mdomo muda wote.

Bahasha haikubandikwa. Nimeisoma nyuma ya ukuta, kidole chini ya mstari:

“Picha nimeziona, asante. Kwenye namba 6, 9 na 14, ukingo wa kulia, kuna mtu wa vurugu. Si wa kwetu wala wa kwa mume wangu. Tafadhali mpunguze: kata mpaka kwenye nguzo. Kwenye namba 9 mkono wake utabaki begani kwa mume wangu, lakini bora mkono kuliko mtu mzima. Namba 11 usiguse. Yumo, ila kasimama nyuma ya shangazi. Ukimkata yeye, bega la shangazi linakwenda. Nyingine ziache zilivyo.”

Mtu wa vurugu! Nilipiga mluzi tu. Na kucheza kidogo. Soda ilimwagika yenyewe.

Jumatano, tarehe 6

Nimepata akili juu ya mkokoteni. Namba 9 nimemkumbatia bwana harusi mwenyewe! Baba mkwe atataka nini tena? Hiyo 11, nyuma ya shangazi, nani anaitaka? Nimeinakili barua yote upya. Pa 9 nimeweka 11, pa 11 nimeweka 9. Habari za mkono na bega nimeziruka. Chini nikaongeza: mleta barua apewe nakala moja ya namba 9, maana amebeba viti kwa heshima.

Alhamisi, tarehe 7

Studio. Kofia hadi kwenye nyusi, mdomo nimeubana. Aliyeachama ndiye anayetafutwa.

Mpiga picha kasoma mara mbili. Kaniuliza, una hakika ni 11? Nikatikisa kichwa kukubali. Akazipanga picha mezani, akaweka rula kwenye nguzo, akavuta mstari mwembamba wa penseli. Kisu cha mkono mrefu kikashuka. Krrp! Namba 6. Krrp! 14. Kisha akapunguza kidogo na upande wa kushoto, ili maharusi wabaki katikati. Fundi huyu.

Kwenye 11 mkono wake ukasimama hewani. Akasema bega la mama huyu linaondoka. Akaniangalia. Akaangalia picha. Akaniangalia tena. Jasho likanitoka hadi kwenye soksi. Nikaikodolea dari macho. Krrp!

Nakala yangu ikatiwa kwenye bahasha. Nimempa dereva wa basi la nyumbani bila kuifungua, isije ikachafuka.

Ijumaa, tarehe 8

Balaa. Shangazi kaja ghalani na mpiga picha, ana barua mbili mkononi: yangu, na nyingine ambayo bibi harusi kaandika leo mbele yake. Miandiko haifanani hata kwa bahati mbaya. Kaniambia, wewe ndiye yule wa kuachama mdomo! Kumbe bega lile lilikuwa la gauni aliloshona miezi miwili. Mpiga picha akamtuliza: filamu ipo, shangazi, nakuchapia nyingine nzima.

Shangazi kanirushia kipande kilichokatwa. Nipo mimi. Nimetulia, kofia mkononi, mdomo umefungwa, kama mwalimu mkuu! Halafu kipande cha bega lake.

Akasema ungeniomba tu ningekupa hii picha nzima, na mimi mwenyewe nikiwa pembeni yako. Sasa hupati hata ukucha.

Jumatatu, tarehe 11

Mke wangu kapiga simu. Namba 9 imefika. Macho nimefumba, meno yote nje, soda inatiririka kwenye koti la bwana harusi, naye anaangalia mkono wangu kama nyoka. Baba mkwe kaigeuza juu chini, kaona ni yaleyale. Kasema binti yake habanduki pale.

Aliuliza, mume wangu, hukuwa na nyingine? Nikamwambia ipo iliyokatwa kwenye nguzo, lakini nyembamba. Akakata simu.

Jumanne, tarehe 12

Bosi wa viti kasema Jumamosi kuna harusi nyingine, ukumbi uleule. Nimefua shati. Kosa langu nimelijua: nilisimama ukingoni. Kisu kinakata ukingoni tu.

Safari hii nasimama katikati.